Kuhamishia picha na sauti za WhatsApp kwenye memori kadi bila kuzipoteza

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia kwenye meza yangu ya kutengeneza simu akiwa ameshika memori kadi kwenye kipande cha karatasi. "Fundi," aliniambia, "sauti za marehemu mama yangu zimo humu. Majina yake nayaona, lakini nikizibonyeza hazilii." Simu yake ilikuwa na hifadhi ya ndani ya GB 32 na ilikuwa imejaa, kwa hiyo alifungua programu ya mafaili, akaikata folda ya WhatsApp iliyofikia GB 19, akaibandika kwenye kadi mpya iliyoandikwa GB 128. Kazi ilikwisha bila simu kutoa onyo lolote. Siku tatu baadaye ndipo alipogundua kwamba picha nyingi zilikuwa za kijivu na sauti nyingi zilikuwa kimya.

Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu kosa lake ni la kawaida sana na lingeweza kuzuilika.

Telegram, kwenye simu yenye kadi, hukuruhusu kuchagua ndani ya mipangilio yake mahali pa kuhifadhia mafaili. WhatsApp ya Android haina mpangilio huo. Huandika picha, video na sauti zote kwenye hifadhi ya ndani, na tangu Android 11 mahali penyewe ni hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake kuna folda kama `WhatsApp Images`, `WhatsApp Video` na `WhatsApp Voice Notes`. Kila faili hupewa jina lenye tarehe na namba, kwa mfano `IMG-20220405-WA0011.jpg` kwa picha, na jina linaloanza na `PTT` kwa sauti iliyorekodiwa. Jina hilo na folda hiyo ndivyo vinavyounganisha faili na ujumbe wake. Ukiiondoa picha mahali pake, ujumbe hubaki kwenye mazungumzo ukiwa na kivuli cha picha tu, na ukiubonyeza unaambiwa kwamba faili halipo. Ukilirudisha pale pale kwa jina lile lile, hufunguka tena. Kwa hiyo usibadilishe majina, wala usizichanganye folda hizo kuwa moja kwa nia ya kuzipanga vizuri. Nakala iliyo kwenye kadi ni ghala, na ghala hilo lina faida kamili pale tu linapobaki na mpangilio wake wa awali.

Sasa nije kwenye neno "hamisha". Kati ya hifadhi ya ndani na kadi, kuhamisha ni kazi mbili: simu hunakili, kisha hufuta. Haikai ikasoma upya ilichoandika ili kuhakikisha kwamba kimeandikika. Kadi ikijibu kwamba imepokea, simu huamini na kufuta asili. Faili likishafutwa kwenye hifadhi ya ndani ya simu za sasa, ambazo husimba data zake, yaani huzifunga kwa ufunguo wa siri, programu za kurejesha vilivyofutwa haziwezi kusaidia, hata zikijisifu vipi. Ndiyo maana mimi hunakili tu, kisha hukagua, na kufuta hukifanya mwisho kabisa, mara nyingi siku ya pili.

Kadi ya yule mama ilikuwa bandia. Kadi za namna hiyo huwa na nafasi ndogo ya kweli, lakini zimechezewa ili zijitambulishe kuwa kubwa. Hupokea kila kitu, huonyesha majina na ukubwa sahihi wa mafaili, ila kilichozidi nafasi ya kweli hupotea au huandikwa juu ya cha zamani. Kwa sababu hiyo, kuhesabu mafaili na kulinganisha ukubwa wa folda hakutoshi. Idadi na ukubwa vyote vililingana kwenye kadi ile. Kipimo cha uhakika ni kuijaza kadi ikiwa bado tupu na kuisoma yote. Kwenye Windows natumia H2testw, na kwenye Linux natumia F3, nikitaja mahali kadi ilipofunguka, hapa `/media/kadi`:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Mwishoni tazama mstari wa `Data LOST`. Ikiwa si sifuri, kadi hiyo usiitumie. Kadi ya mama yule, nilipoipima baada ya kuokoa kilichookoka, ilihifadhi kwa usahihi chini ya GB 15. Kipimo huchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, nami huiacha ikifanya kazi usiku.

Kwa folda kubwa napenda kupitia kompyuta, kwa sababu hapo unapata nakala ya pili bila kutafuta. Baada ya kuwasha kwenye simu ruhusa ya `USB debugging`, inayoiwezesha kompyuta kuiamuru simu kwa waya, naandika kwenye kompyuta, kwa programu ya adb:

```
adb pull -a /sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Alama ya `-a` hulinda tarehe za mafaili. Kisha naibandika folda kwenye kadi kwa kifaa cha kusomea kadi, natoa kadi kwa utaratibu, naichomoa na kuichomeka upya, ndipo nalinganisha:

```
diff -rq Media /media/kadi/Media
```

Amri hiyo ikinyamaza, kila faili limelingana baiti kwa baiti. Kuchomoa na kuchomeka upya si ushirikina wa mafundi: bila hivyo kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya kilichomo kwenye kadi. Asiye na kompyuta anakili folda moja moja ndani ya simu, aizime simu na kuiwasha, kisha afungue mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ya kila folda. Ukaguzi huo ni dhaifu zaidi, lakini ungemwonyesha mama yule tatizo kabla hajafuta.

Simu ikikuuliza kama kadi itumike kama hifadhi ya ndani, kataa. Kadi iliyokubaliwa hivyo husimbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo pekee. Simu ikifa, kadi nzima haisomeki popote pengine.

Hata kadi halali huchoka. Dalili ninazoziona mara nyingi ni kunakili kunakokwama, kadi inayopotea na kurudi, na kadi inayokataa kufuta au kuandika lolote. Simu ikisema kadi imeharibika na kukuomba uifomati, usikubali na usiiandikie chochote. Itoe. Mimi kwanza huchukua taswira ya kadi nzima, yaani nakala yake yote ndani ya faili moja, kisha hufanya uokoaji juu ya taswira hiyo:

```
ddrescue -d -r3 /dev/sdX kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Herufi ya `X` ibadilishwe baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` ni kifaa kipi. PhotoRec huokoa mengi, lakini huyapa mafaili majina mapya, hivyo picha utazipata ila hazitafunguka tena ndani ya mazungumzo.

Kwenye kadi ya mama yule hakukuwa na cha kuokoa zaidi ya zile GB za mwanzo, kwa kuwa sauti zilizokosekana hazikuwahi kuandikika. Nilimchapishia orodha ya majina ya sauti zilizoharibika, na tarehe zilizomo kwenye majina hayo zikamkumbusha kwamba nyingi zilitumwa kwenye kundi la familia. Dada yake aliyeko Tanga alikuwa hajafuta kitu. Alizituma upya moja moja kwa kufuata orodha, na jioni ile tulizinakili kwenye kadi iliyopimwa na kwenye kompyuta ya mwanawe.