Je, mwaka wa tisa ni mwaka wa kuachika?

"Nimezaliwa tarehe 14 Machi. Shoga yangu wa hapa Mikindani kanipigia hesabu, kasema mwaka huu wa 2026 niko kwenye namba tisa, kwa hiyo nikiolewa na mchumba wangu wa siku nyingi nitaachika. Hiyo tisa inatoka wapi, na kweli inasema hivyo?"

Hesabu ya shoga yako iko sawa. Tafsiri ndiyo aliyoivuta mno, hata kwa wanaoiamini numerolojia, yaani utabiri wa namba.

Namba ya mwaka binafsi hupatikana kwa kujumlisha siku ya kuzaliwa, mwezi wa kuzaliwa na mwaka tulio nao, kisha kuendelea kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Kwako, 14 ni 1 na 4, yaani 5. Machi ni 3. Mwaka 2026 ni 2, 0, 2 na 6, jumla 10, na 10 ikijumlishwa inakuwa 1. Ukiweka 5, 3 na 1 pamoja unapata 9. Watu wengi hukosea hapo kwa kuingiza mwaka waliozaliwa. Hauingii kabisa. Bibi wa miaka sabini na mjukuu wake, wakiwa wote wamezaliwa 14 Machi, wako mwaka wa tisa pamoja.

Sasa ile tisa yenyewe. Chukua vibakuli tisa uvipange mduara, kisha dondosha korosho moja moja kuanzia cha kwanza. Korosho ya tisa itaangukia kibakuli cha mwisho, na ya kumi itarudi cha kwanza. Kwa hiyo kumi ni mzunguko mmoja na korosho moja ya ziada. Mia ni mizunguko kumi na mmoja na moja ya ziada. Elfu ni mizunguko 111 na moja ya ziada. Ndiyo maana kujumlisha tarakimu kunafanya kazi: kila tarakimu inahesabu ziada tu, mizunguko mizima imetupwa. Korosho 2,026 zitazunguka mara 225 na kubaki moja, ileile 1 tuliyoipata juu. Mwaka ukigeuka unaongeza korosho moja, nawe unasogea kibakuli kimoja. Baada ya miaka tisa umerudi ulipoanzia.

Mzunguko wa miaka tisa, basi, umetokana na sisi kuhesabu kwa makumi. Tungekuwa tunaandika namba kwa madazeni, hesabu hiihii ingetupa mzunguko wa miaka kumi na mmoja, na bila shaka angetokea mtu wa kutueleza mwaka wa kumi na moja una tabia gani. Waalimu wa falaki wa pwani nao hutumia mabaki, ila kwa njia yao: wanajumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako kwa abjadi, wanagawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Hizo ni hesabu mbili tofauti na hazijuani, ingawa barazani mara nyingi huchanganywa.

Wanaofundisha namba husema mwaka wa kwanza ni wa kuanza, wa pili ni wa kupatana na mwenzio kwa subira, wa nne wa kujenga, wa tano wa mabadiliko, wa saba wa kujitenga na kutafakari. Wa sita ndio wanaouita mwaka wa nyumba na majukumu, na hapo ndipo ndoa huwekwa. Lakini haohao husema wa sita pia huvunja ndoa, kwa sababu majukumu yakiongezeka, nyumba yenye ufa huonekana. Wa tisa ni wa kufunga mahesabu: kilichokwisha kiachwe kiende. Wanashauri usianzishe uhusiano mpya ndani yake, wakidai hautadumu. Shoga yako amelichukua hilo la uhusiano mpya akalibandika kwenye posa ya mtu mnayejuana. Kwa mafundisho yao wenyewe, uchumba wa muda mrefu unaoishia kwenye ndoa unaweza kabisa kusomwa kama jambo lililokamilika.

Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Mkiachana, watasema tisa imefunga. Mkidumu, watasema tisa imefunga maisha yako ya useja. Tafsiri inayokubali majibu yote mawili haiwezi kukusaidia kuchagua moja.

Tuseme mchumba wako amezaliwa 22 Oktoba. Siku yake ni 4, mwezi wa kumi ni 1, mwaka ni 1: yuko mwaka wa sita, mwaka wa nyumba. Yaani kwa hesabu hiyohiyo, 2026 inamwambia yeye oa na wewe inakwambia ngoja. Unaweza kusema basi msubiri mpaka miaka yenu ikubaliane. Haitakubaliana. Kila Januari nyote mnasogea hatua moja, kwa hiyo pengo lenu la hatua tatu halibadiliki maisha yenu yote. Ukifika wa pili mwaka 2028, yeye atakuwa wa nane. Ukifika wa sita mwaka 2032, yeye atakuwa wa tatu. Wachumba wanaosubiri kuingia wa sita pamoja wataweza tu kama siku na mwezi vya kuzaliwa vinawapa namba moja tangu mwanzo.

Kuna na suala la mwaka unaanza lini. Wengine huhesabu kuanzia Januari, wengine kuanzia siku ya kuzaliwa. Huku kwetu harusi nyingi hungoja pesa ya korosho, kwa hiyo tuseme yako imepangwa Januari 2027. Kwa hesabu ya kwanza utakuwa umeshaingia mwaka wa kwanza, mwaka wa kuanza. Kwa hesabu ya pili utabaki kwenye tisa mpaka 13 Machi. Na ukitumia mwaka wa Kiislamu, 1448 utakaoanza katikati ya Juni 2026 unatoa 8 badala ya 1, na siku na mwezi wako pia hubadilika.

Wanaosema elimu hii ni ya Pithagora wana kazi hapo. Pithagora aliishi karne ya sita kabla ya Kristo, na kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo kulibuniwa na mtawa Dionisio mwaka 525 baada ya Kristo. Hakuwa na 2026 ya kujumlisha, wala kitu kinachofanana nayo.

Akija mtu na mfano wa ndoa iliyovunjika mwaka wa tisa, mhesabie kwanza bahati. Mtu mmoja ana nafasi moja kati ya tisa ya kuwa kwenye tisa mwaka wowote. Ndoa ina watu wawili, kwa hiyo karibu talaka moja katika kila tano itamkuta mmoja wao huko bila namba kufanya chochote. Ukiruhusu pia wa tano kwa mabadiliko, wa saba kwa kujitenga na wa sita kwa ufa, karibu talaka saba katika kila kumi zitapata mwaka wa kuzieleza. Na hapo bado hatujahesabu wale ambao kwenye kitambulisho wameandikiwa 1 Januari au 1 Julai kwa sababu nyumbani ilijulikana tu kwamba walizaliwa msimu wa korosho. Namba yao ya mwaka ni ya karani aliyejaza fomu.