Jaribio la kioo cha fedha: aldehaidi, ketoni na ile haidrojeni moja

Jaribio la kioo cha fedha ni njia ya kutofautisha aldehaidi na ketoni kwa kutumia kimiminika kisicho na rangi, chenye ioni za fedha zilizoshikwa na amonia. Ukitia aldehaidi humo na kupasha joto kidogo, ioni za fedha hupokea elektroni na kugeuka metali. Metali hiyo hutanda kwenye ukuta wa ndani wa neli ya majaribio mpaka neli yenyewe inakuwa kioo cha kujitazamia. Ukitia ketoni ya kawaida, mfano propanoni, kimiminika hubaki vilevile.

Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza tabia hii ya aldehaidi mwaka 1835. Mchanganyiko wa fedha, amonia na alkali unaotumika maabara leo ulielezwa mwaka 1882 na Bernhard Tollens, na ndiyo maana huitwa kitendanishi cha Tollens.

Wanafunzi wengi huishia kukariri kwamba aldehaidi hujibu na ketoni hazijibu. Sababu yake yote iko kwenye kaboni moja tu, ile iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili, yaani kaboni ya kabonili. Aldehaidi na ketoni zote zina kaboni hiyo. Kinachotofautiana ni majirani zake. Katika aldehaidi, angalau jirani mmoja ni haidrojeni. Katika ketoni, majirani wote wawili ni kaboni.

Tuchukue ethanali, CH₃CHO, tuihesabie kaboni yake elektroni. Kanuni ni hii: kila kifungo kati ya kaboni na oksijeni huipa kaboni +1, kila kifungo na haidrojeni huipa −1, na kifungo na kaboni nyingine ni 0. Kaboni ya kabonili ya ethanali ina vifungo viwili na oksijeni, kimoja na haidrojeni na kimoja na kaboni. Jumla ni +1. Jaribio likiisha, ethanali imekuwa ioni ya ethanoati, CH₃COO⁻, ambamo kaboni ileile sasa ina vifungo vitatu na oksijeni na haina haidrojeni. Jumla ni +3. Kaboni imepoteza elektroni mbili, na kwa kuwa kila ioni ya fedha hupokea elektroni moja, zinahitajika ioni mbili za fedha kwa kila molekuli ya aldehaidi:

```
CH3CHO + 2[Ag(NH3)2]+ + 3OH-  →  CH3COO- + 2Ag + 4NH3 + 2H2O
```

Mlinganyo huo unaonyesha mwanzo na mwisho tu. Katikati, oksijeni ya kabonili huvuta elektroni upande wake na kuiacha kaboni ikiwa na upungufu kidogo, kwa hiyo ioni ya haidroksidi, OH⁻, huivamia kaboni hiyo. Kifungo kimoja cha C=O hufunguka. Kaboni iliyokuwa bapa, yenye pembe za karibu digrii 120, sasa imezungukwa na vitu vinne kwa vifungo vimojavimoja: CH₃, H, OH na O⁻, na pembe zake zinakaribia digrii 109. Kisha kifungo cha C–H huvunjika. Elektroni zake mbili huishia kwenye ioni za fedha, haidrojeni huchukuliwa na haidroksidi na kuwa maji, na kifungo cha C=O hujirudisha. Kaboni inakuwa bapa tena, ila mahali palipokuwa na haidrojeni sasa pana oksijeni. Kwa sababu mazingira ni ya alkali, unachopata ni chumvi ya asidi, si asidi yenyewe. Ukitaka asidi ya ethanoiki, lazima utie asidi nyingine baadaye.

Sasa weka propanoni, CH₃COCH₃, kwenye njia hiyohiyo. Haidroksidi inaweza kuivamia kaboni yake pia, ingawa kwa shida zaidi na kwa kurudi nyuma kirahisi. Lakini hata ikifanikiwa, kaboni inajikuta na CH₃, CH₃, OH na O⁻. Hakuna haidrojeni ya kuondoka. Ili kaboni hiyo itoe elektroni, kifungo cha C–C kingepaswa kukatwa, na ioni ya fedha iliyotulizwa na amonia haina nguvu ya kukikata. Viambata vikali, kama pamanganeti ya potasiamu yenye asidi na moto, vinaweza kuivunja ketoni vipandevipande, lakini hilo ni jambo jingine.

Mara nyingi husemwa kwamba ketoni inashindwa kwa sababu vikundi viwili vya kaboni vinaiziba njia kaboni ya kabonili. Kuzibwa kunapunguza kasi, ni kweli, ila si chanzo. Angalia benzaldehaidi: kaboni yake imeshikana na pete nzima ya benzini, na bado hutoa kioo. Angalia pia asidi ya methanoiki, HCOOH. Si aldehaidi, lakini kaboni yake ina haidrojeni, na ikishabatilishwa kwa alkali huweza kuiangusha fedha. Asidi ya ethanoiki, isiyo na haidrojeni mahali hapo, haiwezi. Haidrojeni ile ndiyo inayoamua.

Kwa vitendo, kitendanishi hutengenezwa ndani ya neli yenyewe, dakika chache kabla ya kutumika. Weka sentimita za ujazo 2 za nitrati ya fedha yenye mola 0.1, ambayo ni takriban gramu 1.7 katika sentimita za ujazo 100 za maji yaliyokenekwa. Tia tone moja la haidroksidi ya sodiamu ya mola 2. Mashapo ya kahawia ya oksidi ya fedha yatatokea papo hapo. Halafu tia amonia ya mola 2, tone kwa tone, ukitikisa baada ya kila tone, hadi mashapo yanapokaribia kuisha kabisa. Hapo simama. Amonia ikizidi huzishika ioni za fedha kwa nguvu mno, na aldehaidi iliyo hafifu itashindwa kuzipata. Ukungu mdogo wa kahawia uliobaki hauharibu kitu.

Baada ya hapo tia aldehaidi, na hapa watu wengi hutia nyingi kupita kiasi. Katika kipimo hicho cha nitrati mna moli 0.0002 za ioni za fedha, kwa hiyo moli 0.0001 za ethanali zinatosha, yaani gramu 0.0044. Tone moja la ethanali safi lina uzito wa karibu gramu 0.04, takriban mara tisa ya hitaji. Ethanali ikizidi kwenye alkali huanza kuungana yenyewe kwa yenyewe na kuacha rangi ya njano yenye utando wa mafuta, na kioo kinachafuka. Ni bora kuizimua: tone moja ndani ya sentimita ya ujazo 1 ya maji, kisha utumie matone mawili au matatu ya mchanganyiko huo. Ethanali huchemka kwenye nyuzi joto 20 hivi, kwa hiyo chupa yake ikae kwenye barafu, la sivyo utakuwa unapima hewa.

Simamisha neli ndani ya bika la maji yenye nyuzi 50 hadi 60, bila kuitikisa, kwa dakika tano. Usiiweke juu ya mwali. Joto kali huweza kuiangusha fedha kama unga hata pasipo aldehaidi. Weka kando neli mbili zaidi zilizoandaliwa sawasawa, moja yenye propanoni na nyingine yenye maji matupu. Ya maji ndiyo hakimu: ikigeuka kijivu nayo, kosa liko kwenye kitendanishi au kwenye uchafu wa neli, na majibu ya zile nyingine hayana maana.

Mara nyingi badala ya kioo utapata mashapo meusi au ya kijivu. Kikemia hayo bado ni jibu la ndiyo, kwa sababu ni fedha ileile. Imeshindwa tu kuushika ukuta wa neli. Mafuta ya vidole na mabaki ya sabuni ndiyo huikatalia. Neli ioshwe kwa haidroksidi ya sodiamu ya moto, kisha isuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Isisuuzwe kwa propanoni ili ikauke haraka, maana propanoni ya viwandani inaweza kuwa na uchafu wenye aldehaidi.

Mawingu meupe mwanzoni kabisa, kabla ya alkali yoyote, yana maana nyingine: maji yako yana kloridi, na kinachoonekana ni kloridi ya fedha. Maji ya bomba karibu yote hufanya hivyo. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari huweza kutumika, mradi yawe maji tu na si asidi ya betri, na uyapime kwanza kwa tone la nitrati ya fedha. Yakibaki angavu, yanafaa.

Kuna ketoni moja itakayokusumbua, nayo ni fruktosi. Kwa jina na muundo ni ketoni, lakini hutoa kioo kizuri kama glukosi. Kaboni iliyo jirani na kabonili yake ina kundi la OH pamoja na haidrojeni, na ndani ya alkali haidrojeni hizo huhama: kabonili husogea kutoka kaboni ya pili hadi ya kwanza, na sehemu ya fruktosi hugeuka glukosi na manosi, ambazo ni aldehaidi. Sheria haijavunjwa, kitu kilichopimwa kimebadilika ndani ya neli. Kwa hiyo jaribio hili halifai kutenganisha glukosi na fruktosi. Sukari ya mezani, sukrosi, haitoi kioo, kwa kuwa kaboni zake mbili za kabonili zimefungana na haziwezi kufunguka ndani ya alkali.

Usihifadhi kitendanishi hiki, hata kwa usiku mmoja. Kikikaa, na hasa kikikauka, huunda nitridi ya fedha, mango jeusi linaloweza kulipuka kwa kuguswa tu. Mara jaribio linapokwisha, zimua kilichobaki kwa maji mengi, tia asidi nitriki hafifu hadi karatasi ya litmasi ya buluu iwe nyekundu, kisha tia chumvi ya kawaida ili fedha iliyobaki itulie chini kama kloridi. Mashapo hayo yakusanywe kwenye chombo cha taka za fedha, yasimwagwe kwenye sinki. Kioo chenyewe huyeyuka kwa asidi nitriki ya moto kidogo, chini ya dohani, kwa sababu gesi ya kahawia inayotoka ni sumu. Vaa glavu tangu mwanzo: nitrati ya fedha ikigusa ngozi huacha doa jeusi lisilotoka kwa sabuni, na hubaki mpaka ngozi ya juu itakapobanduka.