Faida ya dola inatoka wapi na mzigo ni uleule?

"Nilinunua breki pad China kwa dola 20,000, nikalipa dola 20,000 zilezile, sasa mbona mhasibu ameniandikia eti nina hasara ya dola mwaka 2023 halafu faida mwaka 2024? Na kwa nini hiyo tofauti asiiweke tu kwenye bei ya mzigo?"

Kwa sababu siku ile ulifanya mambo mawili kwa mpigo bila kujua. Ulinunua mzigo, na pia ukakopa dola. Kununua kuliisha siku hiyohiyo, mzigo ukawa wako na bei yake kwa shilingi ikajulikana. Lakini deni la dola lilibaki linapumua, kila siku reti ikisogea nalo linanenepa au linakonda kwa shilingi, hata kama kwa dola halijatikisika hata senti.

Tuchukue duka la spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, hesabu zake zinafungwa tarehe 31 Desemba. Katikati ya Oktoba 2023 mzigo wa seti 2,000 za breki pad unapakiwa melini Guangzhou, na kwa mapatano yao ukishaingia melini ni wa mnunuzi, bei dola 10 kwa seti, malipo ndani ya siku 180. Dola siku hiyo ni kama shilingi 150. Kwa hivyo mhasibu anaandika stoku ya 3,000,000 na upande wa pili deni la saplaya 3,000,000, yaani kila seti imesimama kwa 1,500 kabla ya ushuru na usafiri (hizo zina invoisi zake, na forodha wana reti yao ya kukadiria ushuru, usiichukue hiyo ukaibandika kwenye deni la saplaya).

Inafika 31 Desemba, dola iko kama 156. Saplaya bado hajalipwa. Mhasibu anajiuliza swali moja tu, leo hii nikitaka kulifuta hili deni nahitaji shilingi ngapi? Ni 3,120,000. Deni limeongezeka 120,000 na hakuna bidhaa mpya iliyoingia dukani, basi hiyo 120,000 ni hasara ya ubadilishaji fedha na inaingia kwenye hesabu za 2023. Hivyo ndivyo kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 21, kinavyotaka: vitu vya pesa kama deni, salio la benki ya dola, wadaiwa wa dola, vyote vinapigwa upya kwa reti ya siku ya kufunga, lakini stoku haiguswi, inabaki na reti ya siku iliponunuliwa.

Sasa ikaja 2024. Januari dola ilipanda hadi ikapita 160 na kila muagizaji alikuwa roho juu, manake Kenya ilikuwa na Eurobondi ya dola bilioni 2 ya kulipa mwezi wa Juni na watu waliogopa. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobondi nyingine ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani, Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, na shilingi ikageuka ikaanza kupata nguvu kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Duka letu linalipa mwezi wa tatu, benki inawauzia dola kwa 134. Wanatoa 2,680,000. Deni kitabuni lilikuwa 3,120,000, kwa hivyo 440,000 haikulipwa kwa mtu yeyote, imeyeyuka tu, na hiyo ndiyo faida ya 2024.

Kwenye leja malipo yanaonekana hivi:

```
Dr Saplaya              3,120,000
   Cr Benki                        2,680,000
   Cr Faida ya dola                  440,000
```

Ukitoa ile hasara ya 120,000 unabaki na faida ya 320,000 kwa safari nzima, na ukiangalia ni dola 20,000 mara shilingi 16, tofauti ya 150 na 134. Kwa hivyo mhasibu hajaongeza wala kupunguza kitu, ameigawa tu safari ile pale mwaka ulipokatika.

Sasa hilo swali la kwa nini isiingie kwenye bei ya mzigo, hapa ndipo ningependa mtu atulie kidogo. Ukifanya hivyo seti moja inakuwa 1,500 Oktoba, 1,560 Desemba, halafu 1,340 Machi, na ni seti ileile kwenye rafu ileile. Tena kufikia Machi nyingi zimeshauzwa, utarudi kubadilisha gharama ya kitu ambacho tayari kiko kwenye gari la mtu Thika? Kama uliuza seti kwa 2,200 ulipata 700 juu ya bei ya mzigo, hiyo ni kazi yako, umechagua mzigo mzuri na umejua kuuza. Zile 320,000 zilikuja kwa sababu shilingi ilipona wakati unadaiwa. Zikichanganywa huwezi kujua duka linakwenda vipi, na mwaka unaofuata dola ikipanda utadhani biashara imekufa kumbe breki pad zinauzwa kama kawaida.

Makosa ninayoyaona sana ni mtu kuandika invoisi kwa reti ya Oktoba, malipo kwa reti ya Machi, halafu basi, hajapiga tofauti. Utalijua kirahisi, fungua akaunti ya saplaya, upande wa dola utaona sifuri lakini upande wa shilingi kuna 320,000 inaning'inia, kama vile bado unamdai au anakudai. Hiyo si deni, ni tofauti ya reti ambayo haijapelekwa mahali pake. Nimeona za miaka mitatu zimerundikana hivyo na mwenye duka anaulizwa mbona hamlipi saplaya. Lingine ni kuandika malipo kwa reti ya wastani ya Benki Kuu wakati benki yako ilikutoza reti yake ya kuuzia, ambayo huwa juu kidogo, matokeo yake salio la benki halitakubaliana na stetimenti kamwe.

Na kama ulitanguliza depoziti? Hapo mambo hubadilika. Tuseme kiwanda kilitaka asilimia 30 kwanza, ukatuma dola 6,000 Septemba kwa reti ya 147. Hizo si deni, wewe ndiye unayedai, na unachodai ni breki pad, si dola, kwa hivyo hazipigwi upya. Mzigo ukija ile sehemu inaingia stoku kwa reti yake ya 147, yaani 882,000, na dola 14,000 zilizobaki kwa 150, yaani 2,100,000, jumla stoku 2,982,000. Faida na hasara ya dola itahesabika kwenye zile 14,000 peke yake.

Kodi nayo ina kalenda yake. Kenya, kifungu cha 4A cha sheria ya kodi ya mapato kinaangalia faida au hasara iliyotimia, yaani deni likishalipwa. Ile 120,000 ya Desemba 2023 ilikuwa bado ya kwenye karatasi, kwa hivyo wakati wa kupiga kodi ya 2023 inarudishwa juu, huwezi kuikata, halafu 2024 unatozwa kwa 320,000 na si 440,000. Mhasibu akisahau kubeba hiyo 120,000 kwenda mwaka unaofuata utalipa kodi ya faida ambayo hukuipata.