Statini baada ya miaka 75 kwa asiyewahi kuugua moyo

Mzee aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi ana sababu nzito ya kutumia statini, dawa ya kupunguza kolesteroli kwenye damu, na asiiache kabla ya kuzungumza na daktari wake. Hapa tunamzungumzia mwingine: amevuka miaka 75, moyo haujawahi kumsumbua, ila majibu ya maabara yanaonyesha kolesteroli mbaya, LDL, imepanda. Je, aanzishiwe dawa?

Kwa mtu wa miaka 60 ushahidi ni mwingi, kwa huyu ni haba. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha majaribio 28 ya statini yenye washiriki karibu 187,000, na waliozidi miaka 75 walikuwa takriban 8 tu katika kila 100. Wazee waliokwisha kuugua moyo walinufaika waziwazi. Kwa wasiowahi kuugua, takwimu hazikutosha kuthibitisha faida. Hata chati za Shirika la Afya Duniani za kukadiria hatari ya moyo zinaishia miaka 74, kwa hiyo kumsomea mzee wa miaka 80 kwenye mstari wa mwisho wa chati ni kukisia.

Tumchukue mama wa miaka 78 mwenye shinikizo la damu, anayemeza amlodipini kila siku. Hana kisukari, havuti sigara, na sokoni anakwenda kwa miguu yake. LDL yake ni 3.8 mmol/L. Tuseme kati ya watu 100 wenye hali kama yake, 15 watapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 5. Dawa ikipunguza hatari kwa moja ya tano, kama tunavyoona kwa wenye umri mdogo, watatu wataepuka. Ikipunguza kwa moja ya kumi, ataepuka mmoja au wawili. Wale 85 wasingepatwa na lolote hata bila kidonge. Mama huyu anastahili kuelezwa hesabu hiyo jinsi ilivyo, kwa watu 100, badala ya kuambiwa tu kwamba "mafuta yako yako juu".

Jambo la pili ni muda. Uchambuzi wa mwaka 2021, uliohusu watu wa miaka 50 hadi 75, ulionyesha kwamba kwa kila watu 100 wanaomeza statini, hupita takriban miaka miwili na nusu kabla ya mmoja kuepushwa na tukio kubwa la moyo au mishipa. Mama wetu mwenye nguvu ana miaka hiyo mbele yake, na akitaka kuanza, ni uamuzi wenye mantiki. Mwenzake wa umri uleule mwenye saratani iliyosambaa, au aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kulishwa, atabeba usumbufu wa vidonge bila kuifikia faida. Kwetu sisi, hali ya mwili na miaka inayotarajiwa ina uzito kuliko namba ya LDL, isipokuwa LDL ikifika 4.9 au zaidi; hapo huenda kuna tatizo la kurithi, na daktari atalitazama kivyake.

Akikubali kuanza, dawa ichaguliwe kwa kutazama anachomeza tayari. Kwa mtumiaji wa amlodipini, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku, kwa sababu amlodipini huiongeza kwenye damu. Atorvastatini ya miligramu 10 au 20 ni mwanzo unaofaa. Kosa tunaloliogopa zaidi huja baadaye: mzee anapata kikohozi, anapewa klarithromaisini, na hakuna anayeuliza kuhusu statini. Antibayotiki hiyo huzuia ini kuivunja simvastatini au atorvastatini, dawa inalundikana na misuli inaweza kuharibika. Simvastatini husimamishwa hadi dozi iishe, au huchaguliwa antibayotiki nyingine.

Maumivu ya goti moja lililochoka kwa miaka si ya statini. Maumivu ya statini huwa ya misuli, pande zote mbili, mapajani au mabegani, na huanza wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Mzee aliyekuwa akiinuka kitini bila kujishika sasa anahitaji mkono. Simamisheni kwa wiki 2 hadi 4 kwa ushauri wa daktari. Maumivu yakibaki vilevile, tafuteni chanzo kingine, ikiwemo tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo.

Aliyekuwa akimeza tangu miaka 65 bila shida ana swali tofauti. Dawa imemkubali, na akiwa bado na nguvu, kutimiza miaka 75 pekee si sababu ya kuacha. Afya ikididimia, kuacha ni halali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, kwa wagonjwa waliotarajiwa kuishi chini ya mwaka mmoja, lilionyesha kuwa kuacha kulikuwa salama na hali yao ya maisha ikawa afadhali kidogo. Statini haihitaji kupunguzwa hatua kwa hatua. Husimamishwa siku moja, na dawa za shinikizo zinaendelea kama kawaida.