Je, wajua? Dekathloni inalipa wapi

"Mimi ni wa Moshi, nakimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 10. Nimeanza dekathloni, na kocha ananipunguzia mbio ndefu, wakati huko ndiko ninakopata pointi nyingi kuliko kwingine kote. Kwa nini?"

Mdogo wangu, kocha yuko sahihi. Dekathloni ni michezo kumi ambayo pointi zake zinajumlishwa, na ushahidi umo kwenye jedwali lenyewe la pointi. Wewe unatazama pointi ulizo nazo tayari. Mazoezi yanapangwa kwa kutazama pointi ambazo hatua yako inayofuata italeta, na hapo mita 1500 inakulipa kidogo sana.

Jedwali tunalotumia leo lilipitishwa mwaka 1984 na likaanza kutumika mwaka uliofuata. Kila mchezo una kanuni yake, ila zote zimejengwa kwa namna moja. Ya mita 100 ni hii:

```
P = 25.4347 × (18 − T)^1.81
```

P ni pointi, T ni muda wako kwa sekunde. Ile 18 ni kizingiti: ukitumia sekunde 18 unapata sifuri. Tofauti kati ya kizingiti na muda wako inapandishwa kwa kipeo cha 1.81, kisha inazidishwa na namba ya mwanzo. Kwa mita 1500 kizingiti ni sekunde 480, yaani dakika 8, na kipeo ni 1.85. Kwenye miruko na mitupo hesabu inageuzwa: unachukua umbali au kimo ulichofikia, unatoa kizingiti. Jibu likiwa na desimali, desimali zinakatwa, hazikadiriwi kwenda juu. Mruko wa chini wa mita 6.50 hutoa 697.96 kwenye kikokotoo, lakini karatasini unaandikiwa 697.

Sasa tuchukue namba zako. Dakika 4:10 inakupa pointi 881, na nakubali kwamba ni nyingi. Ukihangaika msimu mzima ukashuka hadi 4:05, unapata 917. Nyongeza ni pointi 36. Sekunde 5 kwa mtu ambaye tayari anakimbia 4:10 ni jasho la miezi, na unajua mwenyewe jinsi zinavyopatikana.

Linganisha na kasi. Tuseme, kama vijana wengi waliotoka kwenye mbio za kati, mita 100 unakimbia 11.80, unaruka chini mita 6.00, mita 400 unatumia sekunde 53, na viunzi vya mita 110 unamaliza kwa sekunde 17. Mita 100 ukishuka hadi 11.50, unatoka pointi 691 kwenda 753. Lakini kasi ile ile ndiyo unayokwenda nayo kwenye ubao wa kuruka chini, na ukifika 6.30 unatoka 587 kwenda 652. Mita 400 ukipunguza sekunde moja tu, 682 inakuwa 725. Viunzi ukifika 16.50, 624 inakuwa 677. Jumla ya nyongeza ni pointi 223, na sehemu kubwa imetokana na jambo moja ulilojifunza: kukimbia kwa kasi zaidi. Viunzi vinahitaji ufundi wake, hatua tatu kati ya kiunzi na kiunzi, lakini bila kasi hatua hizo tatu hazifiki.

Ndiyo maana kocha anakata mbio ndefu. Kilomita nyingi za taratibu kila asubuhi hukuacha na miguu iliyochoka siku ya kufanya mbio fupi za nguvu zote, na mbio fupi zikifanywa na miguu iliyochoka hazikuongezei kasi. Unaulinda mchezo mmoja kwa kupoteza minne.

Najua kwetu huku Arusha na Kilimanjaro jambo hili linauma, maana tumekua tukisikia habari za Filbert Bayi wa Karatu. Basi tumpeleke Bayi mwenyewe kwenye jedwali. Rekodi yake ya dunia ya dakika 3:32.2, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, ingempa pointi 1168. Kevin Mayer wa Ufaransa, aliyeweka rekodi ya dunia ya dekathloni ya pointi 9126 huko Talence mwaka 2018, siku ile alimaliza mita 1500 kwa 4:36.11 akapata 705. Wewe unamshinda Mayer kwenye mbio hiyo kwa sekunde 26! Tofauti yake na Bayi ni pointi 463. Lakini tazama kuruka kwa upondo, ule mti mrefu: Mayer aliruka mita 5.45 akapata 1051, na mtu anayeruka mita 2.50 anapata 242. Mchezo huo mmoja unafuta faida yote ya rekodi ya dunia ya mita 1500 na kubakiza zaidi ya pointi 300.

Na hapo kwenye upondo ndipo ningekusukuma zaidi. Kutoka 2.50 hadi 3.00 ni kutoka 242 hadi 357, nyongeza ya pointi 115, yaani zaidi ya mara tatu ya zile sekunde zako 5. Kwa anayeanza, nusu mita hiyo inatokana zaidi na kujifunza kushika juu, kupanda upondo kwenye kisanduku kwa wakati na kutoogopa kugeuka kichwa chini. Inahitaji godoro la kuangukia na mtu anayeijua kazi hiyo, usijaribu kwenye mchanga. Siku ya mashindano anza na kimo unachokivuka hata ukiwa umechoka, kwa sababu ukikosa mara tatu kwenye kimo cha kwanza unaandikiwa sifuri.

Mitupo haina haraka hiyo. Kipeo cha tufe ni 1.05, cha mkuki 1.08, cha kisahani 1.1, vyote karibu na moja. Maana yake kila mita inalipa karibu sawa, uwe mwanzo au uwe bingwa: tufe kutoka mita 9 hadi 10 ni pointi 60, kutoka 11 hadi 12 ni 60 vilevile. Chukua mita za bure zinazotokana na kujifunza ufundi, ila usijaze mwili kwa ajili ya tufe. Kilo hizo utazibeba kwenye kuruka juu, kwenye upondo na kwenye mbio zote nne.

Jambo moja linalowadanganya vijana wetu wengi ni saa ya mkono. Ukipimwa 11.5 kwa saa ya mkono, usisome pointi 753. Kwenye mita 100 na viunzi unaongeza sekunde 0.24, kwenye mita 400 unaongeza 0.14, na mita 1500 haiongezwi kitu. Kwa hiyo 11.5 yako inakuwa 11.74, nayo ni pointi 703. Hamsini zimeondoka. Kabla hujaamua unapungukiwa wapi, sahihisha muda wa mbio zako fupi, maana usipofanya hivyo zitaonekana nzuri kuliko zilivyo, na utarudi kuhangaika na mita 1500 ukidhani kasi unayo.

Mita 1500 yenyewe usiiache kabisa. Mbio moja ya kasi ya mashindano kwa wiki, kwa mfano mita 300 mara tano ukipumzika kati yake, na mbio moja ya wastani ya dakika 30. Muda wako ukipanda kutoka 4:10 hadi 4:15 unapoteza kama pointi 35, na upondo peke yake, ukifika hizo mita 3, unakurudishia mara tatu.