Kukopesha wateja unaowaamini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Mteja mwaminifu hawekewi kikomo.

Wengi hukichukulia kikomo kama hukumu juu ya tabia ya mtu, ndiyo maana huona haya kukiweka. Ukweli ni kwamba kikomo huanzia kwenye mtaji wako, na tabia ya mteja huja baadaye. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakuangusha kwa sababu mshahara wake umechelewa.

Tuchukue biashara yenye bidhaa za mtaji wa 600,000. Inauza 40,000 kwa siku, na sehemu moja ya tano ya mauzo hayo, yaani 8,000, inatoka kwa mkopo. Wakopaji wakilipa baada ya siku 15 kwa wastani, pesa zilizo nje wakati wowote ni 8,000 mara 15, yaani 120,000. Sasa wateja walewale waanze kulipa baada ya siku 30. Hakuna aliyeongeza manunuzi wala aliyekataa kulipa, lakini madeni yamefika 240,000. Kama faida yako ni 15 katika kila 100 ya mauzo, ndani ya hizo kuna 204,000 za mtaji, karibu theluthi ya bidhaa zako zote. Utaiona kwenye rafu kabla ya kuiona kwenye daftari: bidhaa zinazotoka haraka zinaisha na huna pesa za kuzirudisha.

Kwa hiyo anza na jumla. Jiulize ni kiasi gani kikikaa nje mwezi mzima bado utaweza kununua mzigo mpya kwa wakati. Tuseme ni 120,000. Hiyo ndiyo unayowagawia watu, na mgawo unafuata siku ya kila mmoja kupata pesa. Anayechukua bidhaa za 1,000 kwa siku na kulipwa kila wiki anahitaji 7,000 tu. Anayechukua kiasi kilekile lakini analipwa mwisho wa mwezi anahitaji 30,000, na watu wanne wa namna hiyo wanamaliza fungu lote. Mteja mpya mpe nusu ya mahitaji yake kwanza, kisha uongeze akishalipa kwa wakati mara kadhaa.

Siku ya kikomo kufika ndipo wengi hulegea. Mteja mwenye kikomo cha 20,000 ameshafikisha 18,500, na leo anataka bidhaa za 3,000. Usimwambie huna. Fungua ukurasa wake, mwonyeshe salio, useme: "Imebaki elfu moja na mia tano. Hiyo naandika, nyingine ulipe taslimu." Kikomo kilichosemwa siku ya kwanza ya kukopa hakimuudhi mtu, kinachoudhi ni kile kinachozuka siku mteja ana shida.

Dhana: Asipolipa, nimepoteza faida tu.

Hesabu fupi inatosha. Bidhaa uliyoiuza 1,000 uliinunua 850, faida ikiwa 150. Isipolipwa, 850 ya mfukoni mwako imekwenda. Ili kuirudisha kwa faida ya 150, unahitaji kuuza nyingine kama hiyo karibu sita, zote zilipwe, na hapo bado hujapata kitu.

Dhana: Daftari ni orodha ya majina na kiasi, ukilipwa unakata mstari.

Orodha ya namna hiyo inakuambia nani anadaiwa, lakini haikuambii deni lina umri gani wala linaelekea wapi. Tena ukishakata mistari, siku mteja akisema "nilikulipa nyingine" huna cha kumwonyesha. Kila mteja apewe ukurasa wake, na salio lihesabiwe upya kila anapochukua au kulipa:

| Tarehe | Alichukua | Alilipa | Salio |
|---|---|---|---|
| 3 | 4,200 | | 4,200 |
| 9 | 6,000 | | 10,200 |
| 15 | | 5,000 | 5,200 |
| 22 | 7,500 | | 12,700 |

Kwenye daftari lenyewe ongeza safu ya bidhaa alizochukua na nyingine ya sahihi yake. Ukikosea, piga mstari mmoja ili namba ya awali isomeke, andika iliyo sahihi pembeni, na nyote wawili mtie sahihi. Wino wa kufutia na kurasa zilizochanwa huua imani hata kama hukuiba.

Malipo yafute deni la zamani kwanza. Zile 5,000 za tarehe 15 zinamaliza 4,200 ya tarehe 3, na 800 inapunguza deni la tarehe 9. Basi tarehe 30, katika lile salio la 12,700, kuna 5,200 yenye siku 21 na 7,500 yenye siku 8. Hiyo ya siku 21 ndiyo ya kuzungumziwa, maana deni likizidi kuzeeka, mteja anaanza kusahau alichokula nalo na kuliona kama mzigo usio wake.

Kuna dalili moja ambayo mimi naiamini kuliko nyingine zote, na inaonekana kwenye safu ya salio peke yake. Tazama salio la chini kabisa la kila mwezi, lile linalobaki mteja akishalipa. Likiwa 0 mwezi wa kwanza, 2,000 wa pili na 4,500 wa tatu, mteja huyo anakopa kuliko anavyoweza kulipa, ingawa kila mwezi anakuja na pesa mkononi na tabasamu. Huyo mpunguzie kikomo sasa, deni likiwa bado linalipika.

Dhana: Ukidai, unafukuza wateja.

Anayekimbia mara nyingi ni yule ambaye hakukumbushwa. Deni likikaa kimya anaanza kuona aibu, anabadilisha njia, na pesa zake taslimu anazipeleka kwa mwingine asiyemdai. Umepoteza deni na mteja pamoja.

Ratiba ndiyo inayoondoa ukali, kwa sababu kila mtu anajua inakuja na hakuna anayejiona ameandamwa. Siku moja kabla ya tarehe ya kulipa, tuma ujumbe mfupi wenye salio kamili: "Habari za leo. Nakukumbusha salio lako ni 12,700, tulikubaliana kesho. Asante." Tarehe ikipita siku tatu, zungumza naye faraghani, uulize tu lini na kiasi gani. Zikifika saba, mkopo mpya unasimama, ila taslimu unaendelea kumuuzia kwa uso uleule. Mpangie malipo madogo anayoyaweza, yaandikwe chini ya salio na atie sahihi. Malipo ya 2,000 kila wiki yanayofika ni bora kuliko ahadi ya 12,700 "mwezi ujao".

Usidai mbele ya wateja wengine, wala usimtume mtoto wake na ujumbe wa deni. Kubandika majina ukutani nako hakusaidii: aliyekwisha kuaibishwa hana tena sababu ya kulipa ili kulinda jina lake.

Wapo watakaoshindwa hata hivyo. Deni ambalo halijapokea hata senti kwa miezi mitatu, na mwenyewe hatoi tarehe, litoe kwenye hesabu ya mtaji na uliandike kama hasara. Ukurasa ubaki, anadaiwa bado, lakini usipange kununulia mzigo pesa hizo.