Kuongeza mzigo, na kujua pa kuuongezea

Mwanafunzi wa ukocha akifika uwanjani kwa mara ya kwanza huwa tayari ana misemo miwili kichwani: mazoezi lazima yapande, na mazoezi lazima yafanane na mashindano. Yote miwili ni kweli. Shida ni kwamba wengi huishika kila mmoja peke yake. Anayeshika wa kwanza tu huongeza kilometa, huongeza pushapu, huongeza kila kitu kila wiki. Anayeshika wa pili tu humkimbiza mtoto mbio zilezile kwa kasi ileile, Jumatatu hadi Ijumaa, halafu akashangaa kwa nini muda haushuki. Kanuni ya kwanza inasema mwili hubadilika pale tu unapodaiwa zaidi kidogo ya ulivyozoea. Ya pili, umahususi, inasema mwili hubadilika kwa namna ile uliyodaiwa, si vinginevyo. Moja inajibu swali la kiasi gani, nyingine inajibu swali la kiasi gani cha nini.

Aliyeziweka pamoja vizuri ni daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, mwaka 1945. Alikuwa anatibu askari walioumia magoti. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa wagonjwa uzito mwepesi na marudio mengi. DeLorme akageuza: akatafuta uzito ambao mgonjwa angeweza kuunyanyua mara kumi tu, akafanyia kazi huo, na kadiri mguu ulivyopata nguvu akapandisha uzito. Akaandika pia jambo ambalo makocha wetu husahau mpaka leo, kwamba uzito mkubwa kwa marudio machache hujenga nguvu, na uzito mdogo kwa marudio mengi hujenga ustahimilivu, na kwamba kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine.

Sasa tuichukue hiyo mpaka uwanja wa shule hapa Mtwara. Tuseme una binti wa kidato cha tatu anayekimbia mita 1500, na zimebaki wiki kumi kabla ya UMISSETA ngazi ya wilaya. Uwanja hauna mita 400. Umepima kwa futi kamba, ukachora kwa chokaa kuzunguka uwanja wa mpira, na mzunguko umetoka mita 300. Hiyo si hasara. Mita 1500 ni mizunguko mitano kamili. Binti amekimbia kwa dakika 5 na sekunde 15, yaani sekunde 315, na ukigawa kwa tano unapata sekunde 63 kwa mzunguko. Tunataka ashuke hadi 5:05, na hapo kila mzunguko utakuwa sekunde 61. Namba hizo mbili, 63 na 61, ndizo utakazobeba mfukoni wiki zote kumi.

Jumanne ni siku ya kasi. Wiki ya kwanza anakimbia mizunguko mitano, kila mmoja kwa sekunde 63, na katikati anatembea dakika tatu. Ni umbali uleule wa shindano kwa kasi ileile, ila umekatwa vipande ili mwili uumudu. Wiki ya pili mizunguko inakuwa sita, ya tatu saba. Kasi haijaguswa, mapumziko hayajaguswa. Kilichopanda ni idadi peke yake. Wiki ya nne anafanya minne tu, kisha anaenda nyumbani akiwa bado na hamu. Wiki hiyo makocha wengi huiona ya uvivu na huifuta. Mwili hauimariki wakati wa kukimbia. Huimarika baadaye, ukiwa unatengeneza kilichochoka, na kazi hiyo inahitaji nafasi.

Wiki ya tano ndipo kasi inabadilika: mizunguko mitano kwa sekunde 61, mapumziko dakika tatu. Angalia kwamba kasi ilipopanda, idadi imerudi chini ya ile saba ya wiki ya tatu. Wiki ya sita anafanya sita. Wiki ya saba anafanya sita hizohizo, lakini mapumziko yanashuka hadi dakika mbili. Wiki ya nane tunapunguza tena. Wiki ya tisa tunaunganisha mizunguko miwiliwili: mita 600 mara tatu, kila moja kwa dakika 2 na sekunde 2, na kati yake mapumziko ya dakika nne. Ya kumi ni ya shindano, kwa hiyo ni miguu myepesi na mizunguko michache ya kukumbusha kasi.

Kuna njia nne za kupandisha mzigo hapo: idadi, kasi, mapumziko na urefu wa kipande. Ukiongeza moja kwa wakati, mtoto akichoka kupita kiasi unajua cha kulaumu. Ukiongeza tatu kwa pamoja, utabaki kubahatisha.

Karatasi ni kitu kimoja, stopwochi ni kingine. Andika muda wa kila mzunguko, si wastani. Mtoto mwenye 62, 63, 63, 64, 63 amefanya zoezi ulilopanga. Mwenye 57, 60, 63, 66, 69 naye ana wastani wa 63, lakini amefanya zoezi jingine kabisa: amejifunza kuanza kwa pupa na kumalizia akiburuza miguu, na umahususi unafanya kazi hata kwa makosa. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba mzunguko ukizidi lengo kwa sekunde tatu, zoezi limekwisha, hata kama ilibaki miwili. Na kama ni alasiri, jua linachoma na unyevu wa pwani umetanda, usidai 61 ileile uliyoipata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Joto nalo ni mzigo, hata kama hukuliandika kwenye daftari.

Siku nyingine tatu anakimbia taratibu, mwendo wa mchakamchaka ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Hapa ndipo watu hunukuu kanuni ya asilimia kumi kwa wiki. Ni kipimo cha tahadhari, si sheria ya mwili. Anayekimbia kilometa 20 kwa wiki akienda 22 hakuna neno. Lakini mtoto aliyetoka likizo bila kukimbia hata siku moja hawezi kuanzia pale alipoachia kisha akaongeza kumi juu yake.

Linalonikera kidogo ni mchanga wa ufukweni. Huku kwetu bahari iko karibu, na kocha akitaka kuongeza ugumu anawapeleka vijana Shangani wakimbie kwenye mchanga laini. Wanahema, wanatoka jasho, inaonekana kazi imefanyika. Imefanyika kweli, ila ya nini? Mchanga unazama, mguu unakaa chini muda mrefu, na hakuna mtoto atakayefikisha sekunde 61 kwa mita 300 pale. Mazoezi hayo yanafaa mwanzoni mwa msimu, kama nyongeza. Yakichukua nafasi ya Jumanne, utapata mkimbiaji hodari wa mchangani, na kano ya kisigino iliyochoka.

Upande wa nguvu, kosa ni la namna hiyohiyo. Kocha anasema huyu ni mkimbiaji, anahitaji ustahimilivu, basi achuchumae mara mia. Sasa ustahimilivu wa miguu anaupata kwa kukimbia, tena kwa maelfu ya hatua. Anachokosa ni nguvu ya kusukuma ardhi kwa kila hatua, na hiyo, kwa maneno ya DeLorme, haitoki kwenye uzito mwepesi. Skwati mia moja zimefanana na mbio kwa uchovu tu.

Kama huna vyuma, tumia madumu ya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo una mizani bila kuwa na mizani. Chukua madumu mawili ya lita kumi, yajaze lita sita kila moja kwa kupimia chupa ya lita moja. Binti anasimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, dumu kila mkono, anashuka mpaka goti la nyuma linakaribia ardhi, anapanda. Anarudia mara sita kwa kila mguu, seti tatu, mara mbili kwa wiki. Akimaliza seti abaki na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi. Wiki inayofuata anaenda saba, kisha nane. Akifikisha nane katika seti zote tatu bila goti kuingia ndani, mimina lita moja zaidi kila dumu na umrudishe sita. Nyongeza ya kilo mbili inaonekana kubwa ukilinganisha na kilo kumi na mbili za mwanzo, lakini miguu inabeba na mwili wake pia. Kama ana kilo 48, mzigo wote umetoka 60 kwenda 62.

Mrusha tufe angefanya zoezi hilohilo kwa mpango mwingine: mzigo mzito zaidi, na mazoezi ya kuruka na kurusha kwa haraka, kwa sababu tufe huondoka mkononi kwa mara moja na hakuna mzunguko wa pili.

Jihadhari na jambo moja katika haya yote. Moyo na mapafu huitikia ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya sita, mtoto anajisikia ana nguvu kuliko mifupa yake ilivyo tayari. Hapo ndipo ugoko huanza kuuma.

"Mwalimu, unauma nikianza, halafu unaacha."

"Maumivu yenyewe yako wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Akipitisha kiganja kizima juu ya sehemu ndefu ya ugoko, punguza mzigo kwa wiki moja au mbili, umkimbize kwenye nyasi, umwangalie. Akiweka ncha ya kidole mahali pamoja, na pakiuma ukipabonyeza, au kama panamwuma hata usiku akiwa amelala, hakuna mbio tena mpaka aonwe hospitali, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Mwisho wa wiki ya nane pima mita 1500 nzima. Ikiwa mizunguko ya Jumanne imeshuka hadi 61 lakini mbio nzima imebaki 5:14, tazama muda wa mzunguko mmojammoja. Akishika 61 mbili za kwanza kisha akaanguka hadi 65, kasi anayo ila hajui kuibeba bila mapumziko, na zile mita 600 za wiki ya tisa ndiyo dawa yake. Akianza na 64 na kumaliza na 59, mwili uko tayari; anaogopa kuanza. Huyo usimwongezee mzigo wowote. Mpe mwenzake wa kukimbia naye, atakayemvuta kwa 61 tangu mzunguko wa kwanza.